Mkataba wa programu una saa inayohesabu: jinsi ya kuzitoa tarehe zake kabla hazijala bajeti

Ukipata atachimenti au kazi ya kwanza katika ofisi yoyote hapa Nakuru, iwe sacco ya Kenyatta Avenue, shule ya kibinafsi huko Milimani au shamba la maua Naivasha, kuna kazi moja ambayo hutupiwa kijana mpya mapema sana. Bosi anafungua droo, anatoa rundo la karatasi na kusema, "Hebu angalia hizi leseni za kompyuta, uniambie tunalipa nini na lini."

Wengi huandika jina la programu na bei, basi. Halafu Januari inafika, ankara ya mwaka mzima inatua kwa barua pepe, na kumbe programu hiyo hakuna aliyeifungua tangu Agosti. Ukipiga simu kulalamika, muuzaji anakujibu kwa upole kwamba notisi ya kusitisha ilifaa kumfikia siku 60 kabla ya mkataba kuisha. Imeandikwa. Mlitia sahihi.

Hapo hakuna aliyekuibia. Mkataba wa leseni huwa na mambo manne yanayogusa mfuko moja kwa moja: idadi ya watumiaji, muda, namna unavyofanywa upya, na haki ya muuzaji kuja kukukagua. Ukiyatoa hayo manne na kuyaweka kwenye kalenda moja, umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Ugumu ni kwamba hayakai ukurasa mmoja, na mara nyingine hayakai hata karatasi moja.

Kusanya familia yote ya karatasi

Kosa la kawaida ni kusoma ile PDF ndefu peke yake. Hiyo kwa kawaida ni mkataba mkuu, wenye masharti ya jumla kama ukaguzi, malipo, na mahakama gani itasikiza kesi. Idadi ya watumiaji na tarehe za kuanza huwa kwenye fomu ya oda, karatasi moja au mbili zenye bei. Kisha kuna marekebisho: ile barua ya ukurasa mmoja iliyotiwa sahihi mwaka wa pili mlipoongeza watu. Tena kuna masharti yanayokaa mtandaoni, ambayo mkataba unayataja kwa kiungo tu.

Zikigongana, ipi inashinda? Usikisie. Tafuta kifungu kinachopanga ukubwa wa hati. Mara nyingi fomu ya oda huushinda mkataba mkuu, na marekebisho ya mwisho huyashinda yaliyotangulia, lakini si kila muuzaji anaandika hivyo. Ukikuta masharti ya mtandaoni, yahifadhi kama PDF siku hiyo hiyo na uweke tarehe kwenye jina la faili, kwa sababu mwenye tovuti anaweza kuyabadilisha kesho.

Mikataba mingi imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hivyo ukiwa na nakala ya kompyuta bonyeza Ctrl+F na utafute maneno haya moja baada ya jingine:

```
user   employee   term   renew
notice   audit   verify   true-up
```

Kama ni karatasi iliyopigwa skani, utafutaji hautaona kitu kwa sababu ile ni picha. Hapo hakuna njia ya mkato, soma kwa macho. Usichukulie "hakuna matokeo" kumaanisha "hakuna kifungu".

Nani anahesabiwa?

Sasa ingia kwa namba. Fomu ikisema 25, swali la kwanza ni: 25 ya nini? Inaweza kuwa watu 25 waliotajwa kwa majina, na hapo akaunti ya mtu aliyeacha kazi bado inahesabiwa hadi uifute. Inaweza kuwa watu 25 walioingia kwa wakati mmoja, hata kama ofisi ina wafanyakazi 60 wanaopokezana zamu. Inaweza kuwa kompyuta 25, bila kujali nani anakaa mbele yake. Namba ni ile ile, bili ni tofauti kabisa. Ndiyo maana kwenye kalenda usiandike "25" tu. Andika "25, majina" au "25, kompyuta", na kando yake unukuu neno kwa neno maana iliyo kwenye mkataba.

Mfano unaoonyesha ukali wa jambo hili ni Java ya kampuni ya Oracle. Januari 2023 Oracle ilileta usajili mpya ambao hauhesabu kompyuta wala watumiaji. Unahesabu waajiriwa wa kampuni nzima: wa kudumu, wa muda, wa msimu, pamoja na watu wa kandarasi wanaosaidia shughuli za ndani. Bei iliyotangazwa kwa kampuni yenye watu chini ya 1,000 ilikuwa dola 15 kwa kila mtu kwa mwezi.

Tuipeleke hiyo Naivasha. Chukulia shamba la maua lenye wafanyakazi 800, wengi wao wakiwa kwenye vitalu na banda la kupakia. Ofisini kuna kompyuta 12, na programu moja ya zamani ya stoo inahitaji Java ili ifunguke. Kijana anayesoma haraka anaandika "watumiaji 12". Kwa kipimo cha waajiriwa, hesabu ni 800 mara dola 15, yaani dola 12,000 kwa mwezi, au dola 144,000 kwa mwaka. Ukibadilisha kwa shilingi 130 kwa dola, hiyo ni zaidi ya milioni 18. Na wakiajiriwa vibarua zaidi kabla ya msimu wa Valentino, nao pia wanaingia kwenye hesabu, hata kama hawajawahi kugusa kibodi.

Kabla ya kumtisha bosi, hakikisha ni Java ipi mko nayo, maana kuna matoleo ya bure ya OpenJDK yanayofanya kazi hiyo hiyo. Fungua dirisha la amri kwenye kila moja ya zile kompyuta 12 na uandike:

```
java -version
```

Ukiona `OpenJDK Runtime Environment`, hiyo ni jamii ya OpenJDK, ingawa bado uangalie imetoka kwa nani. Ukiona `Java(TM) SE Runtime Environment`, hiyo ni ya Oracle, na sasa namba ya toleo ndiyo muhimu. Kwa Java 8, matoleo hadi 8u202 yalitoka chini ya leseni ya zamani. Kuanzia 8u211 ya Aprili 2019, matumizi ya kibiashara yakabadilishiwa masharti. Kuna pia matoleo mapya ya Oracle yanayoruhusiwa bure kwa muda fulani. Kwa hiyo safu ya programu kwenye kalenda lazima iwe na toleo kamili. Neno "Java" peke yake halikusaidii.

Muda: kudumu si milele, na mwaka si Desemba

Kuna leseni ya kudumu na kuna usajili. Tofauti hii huwachanganya watu kwa sababu leseni ya kudumu nayo huwa na kitu cha kulipia kila mwaka. TallyPrime, programu ya hesabu ambayo utaikuta kwenye maduka na maofisi mengi ya Kenya, inauzwa kwa leseni ya kudumu. Lakini TSS, huduma yake ya matoleo mapya na msaada, ina mwisho wake na hufanywa upya. TSS ikiisha, programu haifungwi. Kinachokatika ni matoleo mapya na huduma. Kwenye kalenda hizo ni mistari miwili: leseni isiyo na mwisho, na huduma yenye tarehe. Ukiiweka yote mstari mmoja, kuna siku mtu atadhani programu inazimwa na kulipa kwa hofu.

Kwa usajili, tarehe ya kuanza ndiyo ya kwanza kuthibitisha. Sahihi ya mwisho inaweza kuwa 12 Februari, mfumo ukawashwa 20 Februari, na fomu ikasema huduma inaanza 1 Machi. Inayohesabika ni ile ambayo mkataba wenyewe umeiita tarehe ya kuanza. Siku mliyolipa ankara haihesabiki.

Sasa tufanye hesabu kamili. Chukulia sacco moja mjini yenye mfumo wa hesabu wa watumiaji 25 waliotajwa kwa majina. Muda ni miezi 12 kuanzia 1 Machi 2025. Kifungu kinasema mkataba unajiongeza wenyewe kwa mwaka mwingine isipokuwa upande mmoja utoe notisi ya maandishi si chini ya siku 60 kabla ya muda kuisha.

Mwisho ni 28 Februari 2026. Ukirudi nyuma siku 60 unafika 30 Desemba 2025. Angalia hiyo tarehe vizuri. Ni kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, meneja yuko ocha Nyahururu, mhasibu amezima simu, na muuzaji mwenyewe pengine amefunga ofisi. Ukiweka kengele ya 28 Februari, umechelewa kwa miezi miwili. Ukiweka ya 30 Desemba, hutapata mtu wa kutia sahihi.

Ndiyo maana kila usajili unaojiongeza unahitaji tarehe tatu: mwisho wa muda, siku ya mwisho ya notisi, na siku ya uamuzi ambayo ofisi imejiwekea yenyewe, tuseme siku 30 kabla ya notisi. Hapa siku ya uamuzi ingekuwa 30 Novemba, ambayo ni Jumapili, kwa hiyo tunairudisha Ijumaa 28 Novemba. Siku hiyo watu wako kazini, na swali ni rahisi: kati ya akaunti 25, ngapi zimetumika ndani ya miezi mitatu iliyopita? Kama ni 17, mnayo mwezi mzima wa kuomba kushushiwa.

Soma pia notisi inapelekwa vipi. Kama mkataba unasema kwa barua pepe fulani au kwa anwani ya posta, ujumbe wa WhatsApp kwa yule msee wa mauzo hauhesabiki, hata akijibu "sawa, boss".

Dirisha la siku 7

Kuna mikataba ambayo mlango unafunguka baada ya kufanya upya badala ya kabla. Microsoft 365 inayonunuliwa kupitia wakala iko hivyo. Unaweza kuchukua muda wa mwezi mmoja, mwaka mmoja au miaka mitatu. Kuongeza watu unaruhusiwa wakati wowote. Kupunguza au kusitisha unaruhusiwa ndani ya siku 7 baada ya kununua au kufanya upya. Dirisha likishafungwa, idadi hiyo mko nayo hadi muda uishe.

Tuseme ofisi yako ilifanya upya watumiaji 30 kwa mwaka mmoja tarehe 1 Julai, na 6 kati yao ni wanafunzi wa atachimenti kutoka Egerton wanaoondoka mwisho wa Septemba. Kuanzia Oktoba hadi Juni, hizo 6 zinalipiwa miezi tisa bila mtu. Kwa mwaka mzima ni malipo 72 ya mwezi (6 mara 12) kwa watu waliofanya kazi miezi mitatu.

Leseni za mwezi kwa mwezi zilitangazwa kwa bei iliyo juu kwa asilimia 20. Zinaonekana ghali hadi upige hesabu: watu 6, miezi 3, mara 1.2, unapata sawa na malipo 21.6. Hapo 72 dhidi ya 21.6 inajieleza. Kwa kalenda, weka kengele mbili kwa mkataba kama huu: moja mwezi kabla ya kufanya upya, ya kuhesabu vichwa, na nyingine siku ya tano baada yake, ya kuhakikisha wakala aliweka idadi mliyokubaliana. Ukigundua kosa siku ya nane, umechelewa.

Wakija kukagua

Kifungu cha ukaguzi ndicho watu huruka kwa sababu hakina bei wala tarehe. Lakini kina saa yake, inayoanza kuhesabu siku barua inapofika. Kutoka humo toa mambo matatu: mnapewa notisi ya siku ngapi, ziada ikipatikana mnalipa kwa bei gani, na nani analipia gharama ya ukaguzi.

Mkataba mkuu wa Oracle umekuwa ukitoa notisi ya siku 45 na kutaka ada za matumizi ya ziada zilipwe ndani ya siku 30 baada ya kuarifiwa. Mikataba ya Microsoft ya leseni za jumla imekuwa na notisi ya siku 30, na ina kizingiti: matumizi yasiyo na leseni yakifika asilimia 5 au zaidi, mteja anarudisha gharama za ukaguzi na kununua leseni zilizokosekana kwa asilimia 125 ya bei. Wenu unaweza kuwa na namba tofauti, kwa hivyo jaza za kwenu.

Mfano mdogo: mna leseni 40, na ukaguzi unakuta 46 zinatumika. Ziada ni 6. Ukizigawa kwa 46 ni kama asilimia 13, ukizigawa kwa 40 ni 15. Njia zote mbili mmepita 5. Mtalipia leseni 6 kwa bei ya 7.5, na juu yake bili ya wakaguzi. Kama ziada ingekuwa 1, mngenunua hiyo moja na mambo yaishe. Kwa hiyo mtu akijua mapema kwamba zimezidi 6, anazo njia mbili za bei nafuu: kuondoa programu pale isipohitajika, au kununua kwa bei ya kawaida kabla barua haijafika. Barua ikishafika, usianze kufuta vitu kwenye kompyuta, maana hiyo itaonekana kama kuficha. Mpe wakili na mkuu wa ofisi nakala siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana kwenye kalenda, ukaguzi nao unapata tarehe yake: kila miezi sita, siku ya kujihesabu wenyewe. Linganisha zilizonunuliwa na zilizowekwa, mkataba mmoja mmoja.

Kalenda yenyewe

Jedwali la Excel au Google Sheets linatosha. Weka safu hizi: A programu na toleo, B idadi na kipimo chake, C tarehe ya kuanza, D muda kwa miezi, E mwisho, F siku za notisi, G mwisho wa notisi, H siku ya uamuzi, I unajiongeza au la, J masharti ya ukaguzi, K hati na ukurasa ulikotoa habari. Kwenye mstari wa pili:

```
E2: =EDATE(C2,D2)-1
G2: =E2-F2
H2: =WORKDAY(G2-30+1,-1)
```

Ya kwanza inasogeza miezi kisha inarudi siku moja, kwa sababu mwaka ulioanza 1 Machi unaisha siku ya mwisho ya Februari. Ya tatu inairudisha siku ya uamuzi hadi Ijumaa ikiangukia wikendi. Jaribu na mfano wetu wa sacco, 1 Machi 2025, miezi 12, siku 60. Ukipata 28 Februari 2026, 30 Desemba 2025 na 28 Novemba 2025, jedwali liko fiti. Ukipata namba kama 46081 badala ya tarehe, badilisha muundo wa seli uwe wa tarehe. Ukiona 1/3/2025 imegeuka kuwa 3 Januari, kompyuta inasoma kwa mtindo wa Kimarekani, na kila tarehe iliyo chini yake imeharibika kimya kimya.

Safu K ndiyo watu huiruka na ndiyo itakayokuokoa. Muuzaji akibisha kuhusu siku 60, unataka kusema "mkataba mkuu, ukurasa wa 7, kifungu cha 9.2" hapo hapo, si "ngoja nitafute".

Jedwali hili lina mipaka yake. Haliwezi kujua kwamba mlitia sahihi marekebisho wiki jana, kwa hivyo anayetunza mikataba lazima akutumie nakala kila inapobadilika. Kifungu kikiwa na maana mbili, andika "haijulikani, aulizwe wakili" kwenye seli badala ya kujaza tarehe inayopendeza. Na kengele zisikae kwenye simu yako peke yako. Zitume kwa anwani ya ofisi na angalau watu wawili, mmoja wao akiwa yule anayetia sahihi. Atachimenti yako itaisha baada ya wiki 12. Ile notisi ya 30 Desemba bado itahitaji mtu wa kuituma.